Kwa nini muuguzi mwenye tajriba ndefu huachwa nje ya orodha ya mahojiano

Kila Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapotoa orodha ya wauguzi walioitwa kwa mahojiano, husikika lalamiko moja: muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi ameachwa, na aliyemaliza masomo juzi ameitwa. Mara nyingine lalamiko hilo huwa na msingi. Mara nyingi, hata hivyo, jibu limo katika jinsi wasifu wa muuguzi unavyopimwa dhidi ya tangazo la kazi.

Chukua mfano wa nafasi ya muuguzi wa figo katika kitengo cha kusafisha damu. Mashine za kazi hiyo zilienea katika hospitali za kaunti kuanzia mwaka 2015, kupitia mpango wa serikali ya kitaifa wa kukodi vifaa vya matibabu. Mgonjwa huunganishwa na mashine kwa takriban saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, na muda huo wote damu yake inapita nje ya mwili. Shinikizo la damu likishuka ghafla au hewa ikiingia kwenye mrija, anayepaswa kuliona kwanza na kuchukua hatua ni muuguzi. Ndiyo maana tangazo huweka masharti matatu yasiyo na mjadala: awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, awe na leseni halali ya kutoa huduma, na awe na stashahada ya juu ya uuguzi wa figo inayotambuliwa na Baraza hilo.

Usajili na leseni huchanganywa sana. Usajili ndio unaoingiza jina la muuguzi katika rejista, baada ya kufaulu mtihani wa Baraza, na nambari yake humfuata katika kazi yake yote. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa kipindi fulani. Ina tarehe ya mwisho, na haihuishwi bila muuguzi kuonyesha kwamba ameendelea na mafunzo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amesajiliwa tangu mwaka 2009 na leo asiwe na leseni. Wapo wanaoandika nambari ya leseni mahali pa nambari ya usajili, na wapo wanaoambatisha risiti ya malipo wakidhani ndiyo leseni. Risiti inaonyesha tu kwamba fedha zimelipwa.

Sasa tuseme wameomba watatu. Mwombaji wa kwanza ana stashahada ya uuguzi wa jumla na afya ya jamii, ile inayojulikana kama KRCHN, na amefanya kazi miaka kumi na miwili, minne kati yake ikiwa katika kitengo cha figo. Alihudhuria kozi fupi ya kuendesha mashine na amewahi kuwa msimamizi wa zamu. Mwombaji wa pili ana stashahada ya juu ya uuguzi wa figo na tajriba ya miaka saba, lakini leseni yake iliisha tarehe 31 Machi. Tangazo lilifungwa tarehe 15 Aprili, naye akahuisha leseni tarehe 20 Aprili. Wa tatu ana stashahada ya juu ya figo, leseni hai, na miaka mitatu tu ya kazi.

Fomu ikitoa alama kwa kila kitu na kisha kujumlisha, mambo huharibika. Tuseme usajili una alama 15, leseni 10, ubobezi 25, tajriba 30, kozi nyingine 10 na uongozi 10. Mwombaji wa kwanza anapata sifuri kwenye ubobezi, lakini anajaza kwingine kote na kufikisha 75. Wa tatu anapata zote 50 za masharti matatu, kisha 12 za tajriba, 3 za kozi na 2 za uongozi. Jumla yake ni 67. Hesabu imempa ushindi mtu asiye na sifa ambayo tangazo liliitaja kuwa ya lazima, kwa kuwa miaka mingi imefidia cheti kinachokosekana.

Dawa yake ni kuyaondoa masharti matatu kwenye hesabu na kuyafanya mlango. Kila sharti hujibiwa ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kumwacha mwombaji nje. Alama za tajriba, kozi na uongozi hutolewa kwa waliopita mlangoni peke yao. Kwa njia hii wa kwanza anaachwa kwa ubobezi na wa pili kwa leseni. Wa tatu anaitwa, ingawa ana alama 17 tu kati ya 50 zilizobaki. Kisa cha mwombaji wa pili kinauma, kwa kuwa siku tano si nyingi. Lakini siku ya kufungwa kwa tangazo ndiyo kipimo cha wote. Ikisogezwa kwa ajili ya mmoja, wanaonewa wale ambao hawakutuma maombi kabisa kwa kuwa leseni zao zilikuwa zimeisha.

Kulingana kikamilifu hakumaanishi maneno ya wasifu yafanane na ya tangazo. Uuguzi wa figo una majina mawili ya Kiingereza, na aliyetumia moja asiachwe kwa sababu tangazo limetumia jingine. Tatizo hili hujitokeza hasa pale karani au kompyuta inapochuja maombi kwa kutafuta neno fulani. Kinyume chake pia hutokea: wasifu uliotaja figo mara kumi hauthibitishi kwamba mwenyewe ana stashahada ya juu. Kinacholinganishwa ni sifa iliyoandikwa katika rejista ya Baraza, na kamati makini huandaa majina yanayokubalika kabla ya kufungua bahasha ya kwanza, kisha hutafuta kila jina kwenye rejista badala ya kutegemea nakala ya cheti.

Hapo ndipo makosa mengine huonekana. Muuguzi aliyebadili jina baada ya ndoa anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho na jingine kwenye rejista, na asipoambatisha hati ya kubadili jina, kamati haina namna ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Mwingine amehitimu ubobezi chuoni lakini hajaupeleka Baraza ukaandikwe. Mwenye KRCHN alisoma sehemu ya afya ya akili, ila hilo halimfanyi muuguzi aliyesajiliwa wa magonjwa ya akili. Na aliyerudi kutoka Uingereza au nchi za Ghuba akiwa na leseni ya huko bado anahitaji ya Kenya.

Iwapo tangazo lenyewe linasema “au sifa inayolingana nayo”, mlango ni mpana zaidi, na kamati inapaswa kuandika ni sifa zipi ilizikubali na kwa nini. Mwombaji anayeamini ametimiza masharti yote matatu na bado ameachwa anaweza kuiuliza Bodi kwa maandishi ni sharti gani lililojibiwa hapana. Asiporidhika na uamuzi, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 77, inamruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Rufaa hiyo iambatishwe nakala ya tangazo, na leseni inayoonyesha tarehe ilipotolewa na tarehe inapoisha.