Saa ya iodini na sekunde zisizorudi zilezile

Mwanafunzi wa kemia Lubumbashi akipata sekunde 44 asubuhi na 30 alasiri kwa vipimo vilevile, asikimbilie kulaumu mkono wake. Mmenyuko wa saa ya iodini hufuata joto kwa karibu mno.

Tuchukue mfano. Bika moja ina mililita 20 za iodidi ya potasiamu (moli 0.2 kwa lita), mililita 10 za thaiosalfeti ya sodiamu (0.005) na matone ya wanga. Unamimina mililita 20 za persalfeti ya amoniamu (0.1). Persalfeti huanza kuzalisha iodini papo hapo, lakini thaiosalfeti huimeza yote. Thaiosalfeti ikiisha, iodini hukutana na wanga na maji yanageuka buluu iliyokolea ghafla. Kwa hiyo muda unaousoma ni muda wa kumaliza thaiosalfeti, na pipeti ikizidisha thaiosalfeti kwa asilimia 2, muda nao huzidi asilimia 2.

Anayemimina ndiye abonyeze saa, pale persalfeti inapofika nusu, na bika iwe juu ya karatasi nyeupe. Hata hivyo kosa la kidole ni sehemu ndogo ya sekunde. Nyuzi 10 za joto hukaribia kuongeza kasi maradufu, na nyuzi moja tu huhamisha zile sekunde 44 kwa takriban tatu. Mwezi Julai, asubuhi ya Lubumbashi ni baridi na alasiri ina jua. Weka chupa zote katika beseni moja la maji kabla ya kuchanganya, kisha andika joto la mchanganyiko wenyewe, si la chumba.

Kosa linalofichika zaidi hutokea unapopunguza ukolezi. Ukitaka iodidi nusu, utatia mililita 10 zake na kujaza 10 nyingine. Wengi hujaza maji. Lakini hapa chembe mbili zenye chaji hasi ndizo zinazogongana, na chumvi iliyomo huzipunguzia kusukumana. Ukitia maji matupu, chumvi hupungua na muda huongezeka kwa zaidi ya maradufu, nawe utadhani kanuni imevunjika. Jaza kwa kloridi ya potasiamu ya ukolezi uleule (0.2), utapata karibu sekunde 88.

La mwisho linahusu mji huu hasa. Iodidi, thaiosalfeti na wanga ndivyo vinavyotumika pia kupimia shaba katika madini, na shaba huharakisha mmenyuko wetu hata ikiwa kidogo sana. Bika iliyopimiwa shaba na kusuuzwa haraka hutoa muda mfupi kuliko bika nyingine. Utaitambua kwa kubadilishana bika: ule ufupi ukihama pamoja na bika, basi kasoro ni ya chombo.

Katika ripoti, andika muda wa kila jaribio pamoja na joto lake, chumvi uliyojazia na siku persalfeti ilipotengenezwa, kwa kuwa huharibika ikikaa. Wastani peke yake usiukubali.