Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Nyuma ya Ruta

Ukisahau nywila ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, ushauri wa kwanza utakaopewa ni uleule kila mahali: tafuta kitu chembamba, kiingize kwenye kile kitundu cha nyuma, shikilia sekunde kumi hivi mpaka taa zipepese, basi. Ni kweli ruta itafunguka. Ila kitufe hicho hakifuti nywila peke yake. Kinafuta kila kitu kilichoandikwa ndani ya ruta tangu iliponunuliwa, na miongoni mwa hivyo huenda kuna kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui: jina la mtumiaji na nywila ambazo ruta huzitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma wako wa intaneti. Hapo ndipo watu hukwama. Waifai inarudi, simu zinaunganika, lakini intaneti haipo, na ni Jumamosi jioni.

Tuchukue duka la vifaa vya ofisi mjini Morogoro. Ukutani kuna kifaa cha faiba kilichofungwa na mtoa huduma, na waya mmoja unatoka hapo kwenda kwenye ruta ya TP-Link aliyoinunua mwenye duka. Kijana aliyeipanga ameshahamia mji mwingine. Sasa mwenye duka anataka kubadilisha nywila ya waifai kwa sababu mtaa mzima unaijua, na ukurasa wa ruta unamkatalia.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba yuko kwenye ukurasa wa kifaa kinachohusika. Nyumba au ofisi yenye vifaa viwili ina kurasa mbili za kuingilia, na ni rahisi kuhangaika na kile cha mtoa huduma ukidhani ni ruta yako. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na waifai hiyo, fungua dirisha la amri uandike:

```
ipconfig
```

Namba iliyo mbele ya `Default Gateway`, kwa mfano `192.168.0.1`, ndiyo anwani ya ruta uliyounganishwa nayo. Iandike kwenye kivinjari, kisha tazama jina na modeli vinavyotokea kwenye ukurasa. Vikilingana na kibandiko kilicho chini ya ruta, uko mahali sahihi. Kibandiko chenyewe kisome kwa makini. Ruta nyingi za zamani zilitoka kiwandani na jina `admin` na nywila `admin`, na nyingi za sasa huwa na nywila yake ya pekee iliyochapwa palepale au hukutaka utunge yako siku ya kwanza. Usiichanganye na nywila ya waifai iliyo kwenye kibandiko hichohicho, kwa maana mipangilio na waifai kwa kawaida kila kimoja kina nywila yake.

Kibandiko kikishindwa, nywila itafutwe mahali ambako bado inaishi, yaani kwenye vifaa vilivyowahi kuingia. Kompyuta ya duka ndiyo ya kuanzia. Kwenye Chrome andika `chrome://password-manager/passwords` sehemu ya anwani, na kwenye Firefox andika `about:logins`, kisha tafuta `192.168`. Mwenye duka wetu anakuta nywila moja, lakini imehifadhiwa chini ya `192.168.1.1`, si `192.168.0.1`. Kivinjari huhifadhi kwa anwani tu, hakijui ni kifaa gani kilichokuwa nyuma yake, kwa hiyo hiyo inaweza kuwa ya kile kifaa cha ukutani au ya ruta iliyokufa zamani. Hata hivyo inafaa kuijaribu, kwani mafundi wengi hutumia nywila moja kila mahali. Asibahatishe ovyo tu: ruta nyingi hujifunga kwa muda baada ya makosa kadhaa, na ukiendelea kujaribu wakati imejifunga hutajua kama nywila ni mbaya au ni kufuli tu.

Simu nayo isisahauliwe. Ruta nyingi za TP-Link hupangwa kwa programu ya simu iitwayo Tether, na simu iliyotumika siku ile huenda bado inaruhusiwa kuingia. Kama aliyeipanga aliifunganisha na akaunti ya `TP-Link ID`, basi anaweza kuingia kwa akaunti hiyo, na nywila ya akaunti hurejeshwa kwa barua pepe bila kugusa ruta. Kwa hiyo kumpigia simu yule kijana ni hatua ya kweli kabisa. Ruta za Netgear zina njia nyingine, ya kuuliza namba ya kifaa na maswali ya siri, lakini hufanya kazi tu kama iliwashwa mapema.

Ikiwa ruta yenyewe ni mali ya mtoa huduma, mpigie kabla ya lolote. Mara nyingi wanaweza kuifikia wakiwa ofisini kwao na kubadilisha nywila kwa mbali.

Tuseme yote yameshindikana. Sasa swali ni moja: kufuta kutagharimu nini? Kuna jaribio dogo linalojibu. Chomoa waya unaotoka kwenye kifaa cha ukutani kuingia kwenye ruta, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha zima waifai ya kompyuta hiyo. Zima kifaa cha ukutani na ukiwashe tena, usubiri taa zake zitulie. Kompyuta ikipata intaneti yenyewe, maana yake kifaa cha ukutani ndicho kinachojitambulisha kwa mtoa huduma, na ruta yako haikushika siri yoyote ya laini. Ifute bila hofu. Isipopata, kuna uwezekano mkubwa kwamba ruta ndiyo inayojitambulisha, kwa utaratibu uitwao `PPPoE`. Hapo usibonyeze kitu mpaka mtoa huduma akutumie kwa ujumbe wa maandishi aina ya muunganisho, jina la mtumiaji, nywila yake, na namba ya `VLAN` kama laini yako inaitumia. Ruta iliyofutwa bila hizo utaitambua: ukurasa wake utaonyesha anwani ya nje kuwa `0.0.0.0`.

Kitu cha pili cha kuokoa ni jina la waifai na nywila yake, herufi kwa herufi. Kwenye Windows, kama waifai inaitwa DUKA, andika:

```
netsh wlan show profile name="DUKA" key=clear
```

Nywila itatokea mbele ya `Key Content`. Ukirudisha jina na nywila zilezile baada ya kufuta, printa, kamera na simu zote zitaunganika zenyewe. Mwenye duka wetu anataka nywila mpya, kwa hiyo atabaki na jina la zamani tu, na atapita kwenye kila kifaa chake kuandika nywila mpya. Printa ndiyo humsumbua mtu kuliko vyote.

Kwenye ruta nyingi za TP-Link kitufe cha kufutia ndicho hichohicho cha `WPS`. Mguso mfupi hauifuti, unaifungua tu kupokea kifaa kipya kwa muda mfupi. Shikilia, umeme ukiwa umewashwa, mpaka taa zibadilike zote.

Na kama kwenye kompyuta kuna faili la akiba la mipangilio ya ruta, fikiri kabla ya kulirudisha. Kwenye ruta nyingi faili hilo hubeba pia ile nywila iliyosahaulika, na dakika moja baada ya kulipakia utakuwa umefungiwa nje tena.