Tunda Geni? Likate Kiunoni

Ganda peke yake hudanganya. Chukua picha ya tunda la duara, lenye ganda laini la manjano inayoelekea rangi ya chungwa. Mmoja atasema pasheni, mwingine bungo, wa tatu atataja tonga la porini. Kumbe huenda ni ndulele, ambayo ni sumu. Sarafu ikiwekwa kando yake kabla ya kupiga picha husaidia sana, kwa kuwa ndulele kwa kawaida ni ndogo, kama sentimita tatu hivi. Haya mengine yataamuliwa na kisu.

Wengi hukata kuanzia kwenye kikonyo kwenda chini, na hapo ndipo wanapokosea. Lilaze tunda ulikate kiunoni, kisha piga picha mara moja kabla nyama haijabadilika rangi. Mkato huo ndio unaoonyesha mbegu zimeshika wapi, na swali hilo lina uzito kuliko rangi ya mbegu zenyewe.

Tuseme tunda letu lina upana wa sentimita saba. Kama ni pasheni, mbegu nyeusi hazitoki katikati. Kila moja imo ndani ya kifuko chake cha maji na inaning'inia kwa kijiuzi kwenye ukuta wa ndani wa ganda. Chokoa mbegu utaona vijiuzi hivyo vimejipanga katika mistari mitatu. Ndulele ni kinyume chake: mbegu ndogo bapa, nyingi mno, zimezunguka nyama iliyo katikati, na kuna ukuta unaogawa vyumba. Ukiwahi kukata nyanya chungu unaujua mpangilio huo, maana ni ndugu.

Sasa picha yetu inaonyesha chumba kimoja kilichojaa mbegu kubwa za kahawia, kila moja imevikwa nyama ya rangi ya chungwa yenye nyuzi zisizobanduka kwa urahisi. Pasheni haimo tena. Limebaki bungo au tonga, kwani tonga nalo lina mbegu kubwa zilizobanana kwenye nyama. Lakini ganda la tonga ni gumu kama mti. Hulikati kwa kisu cha jikoni, unalipasua kwa jiwe, na kingo zake huvunjika vipande. Kwenye picha yetu kingo zimekatika vizuri, na juu yake kuna matone meupe ya utomvu unaonata. Hilo ni bungo, lile la juisi ya Unguja na Tanga.

Utomvu huo ukishakauka au kufutwa, ushahidi umepotea, na picha iliyopigwa kesho yake haitakuwa nao. Hapo itabidi kuomba picha ya jani na shina. Ndulele ni kichaka chenye miiba na maua ya zambarau. Pasheni hutambaa kwa vikono vilivyojikunja, na jani lake lina ncha tatu. Mpaka picha hiyo ifike, tunda lisionjwe.