Bajeti ya duka la mchele inavyokwama mwezi wa 7

Afisa mikopo akipokea bajeti ya mwaka wa kwanza, mstari anaouangalia kabla ya yote ni wa mauzo. Akiona kilo zilezile kuanzia Januari hadi Desemba, anajua zimebuniwa mezani.

Tuchukue mfano wa mama anayetaka kufungua duka la mchele Mbagala, Dar es Salaam. Ananunua kilo kwa Sh 2,400 pamoja na usafiri, anauza Sh 2,800. Mauzo ameyapataje? Amehesabu magunia matupu ya maduka mawili ya jirani: kila moja linamaliza kama gunia tano za kilo 100 kwa wiki ya siku sita. Basi anaandika kilo 80 kwa siku. Ila miezi mitatu ya mwanzo anaandika nusu yake, maana wateja wana muuzaji wao, na wengine wanamdai daftari la mkopo kabla hawajahama.

Kwa siku 26, kilo 80 zinaleta faida ghafi ya Sh 832,000 kwa mwezi; nusu yake ni 416,000. Msaidizi, umeme, mifuko na posho yake mwenyewe vinakula 340,000. (Wengi husahau hiyo posho, kisha wanakula kwenye droo.)

Anaomba Sh 3,000,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18 ikipigwa juu ya mkopo wote: marejesho ni Sh 295,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita mkupuo, 720,000. Mzigo unabaki wa Sh 2,280,000, yaani kilo 950.

Miezi mitatu ya kwanza kila mwezi unapungua Sh 219,000, na hizo zinatoka kwenye mtaji: mchele wa dukani unapungua polepole bila kuibwa. Miezi mitatu inayofuata anabakiwa na 197,000 kila mwezi, karibu anafidia. Mwezi wa 7 mwenye nyumba anabisha hodi tena, na 720,000 hazipo. Kwenye jumla ya mwaka pengo hilo halionekani. Linaonekana ukiandika mwezi kwa mwezi, pesa inapoingia na inapotoka.

Nijuavyo mimi, hapo ndipo bajeti inapofaa kuliko hotuba yoyote mbele ya afisa. Mama anaomba miezi 18, mitatu ya mwanzo alipe riba tu, Sh 45,000, kisha 245,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa 6 anakuwa na Sh 834,000: analipa kodi na kubakiwa na 114,000. Riba yote imepanda kutoka 540,000 hadi 810,000, na hiyo 270,000 ya ziada aijue kabla hajatia saini. Mauzo yakishuka hata hadi kilo 70 kuanzia mwezi wa 4, kodi inapelea tena, kwa hiyo ajadiliane na mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu mitatu.