Mlango mmoja, vipimo vingi

Mchoraji anayetumia Revit hahitaji kuchora upya mlango wa chumbani, wa chooni na wa sebuleni. Hutengeneza familia moja kutoka kiolezo cha Metric Door.rft, ambacho tayari kina vipimo vya Width na Height.

Siri iko kwenye mistari rejea, ile ya kijani iliyokatika. Vipimo huishika mistari hiyo, wala havigusi ubao wenyewe. Mchoraji akishachora ubao, husogeza kila ukingo wake kwa Align hadi kwenye mstari, kisha hubofya kikufuli kidogo kinachotokea. Watu wengi hukisahau, na kasoro haionekani mpaka kipimo kibadilishwe.

Kwa hiyo hujaribu mapema: katika Family Types, Width hutolewa 900 hadi 1200. Tundu la ukutani likipanuka huku ubao ukibaki palepale, kuna ukingo ambao haukufungwa.

Fremu ya kuwekwa au kuondolewa hupewa kigezo cha Yes/No kwenye Visible. Lakini kuificha hakuzibi nafasi yake. Ubao unahitaji fomula ya kuupanua:

```
Upana_Ubao = if(Fremu, Width - 2 * Unene_Fremu, Width)
```