Mashine Isiyo na Mtani

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na usiku ule simu za Watanzania zilifurika maneno ambayo mgeni angeyasoma angedhani nchi iko karibu kupigana. Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili wa ofisi moja wanaojibizana chini ya picha ya mechi, mmoja Yanga, mwingine Simba.

"Makolo mmepigwa mkono mzima na bado mnaongea? Hamna hata haya. Nendeni mkajinyonge."

"Kelele, utopolo wewe. 2012 umeisahau? Kesho chai unanunua, na chapati mbili."

Anayefuata mpira wa Bongo hahitaji mkalimani hapo. Mkono mzima ni mabao matano. Ile 2012 ni ya Mei, Simba walipoifunga Yanga 5 bila, na Wanasimba huitoa kabatini kila wakibanwa. Chai na chapati ni dalili kwamba hawa wawili kesho asubuhi watakaa meza moja. Lakini chujio la lugha chafu, ile programu ambayo mitandao huitumia kunasa matusi kabla hayajasambaa, linaweza kuisoma sentensi ya mwisho ya huyo wa Yanga kwa namna moja tu: mtu anawahimiza wenzake wajiue. Kwa mitandao mingi kosa hilo ni zito kuliko tusi la kawaida. Ujumbe unafutwa, na mwandishi wake huenda akafungiwa akaunti kwa muda.

Ni rahisi kusema mashine ni mjinga tukaishia hapo. Tukifanya hivyo tutakosa sehemu tamu ya habari, kwa sababu mashine imefanya sawasawa kazi iliyofundishwa.

Mojawapo ya machujio yanayojulikana sana ni Perspective, lililotolewa mwaka 2017 na Jigsaw, kitengo cha Google. Unalipa sentensi, nalo linakurudishia namba kati ya 0 na 1. Namba hiyo haipimi ukali wa tusi, ingawa wengi huielewa hivyo. Inakisia uwezekano kwamba msomaji angeiona sentensi hiyo kuwa ya ufidhuli au ya dharau, kiasi cha kumfanya mtu aondoke kwenye mazungumzo. Mwenye mtandao ndiye anayechagua mstari uwe wapi: akisema 0.8, kila kinachovuka hapo kinazuiwa au kinapelekwa kwa mtu akikague.

Basi swali ni hili: huyo msomaji ni nani? Ni mtu aliyelipwa kusoma maelfu ya komenti za watu wasiomjua wala asiowajua, moja baada ya nyingine, na kubonyeza kama kila moja ni chafu au safi. Komenti moja hupewa watu kadhaa, majibu yao yanajumlishwa, na mashine inajifunza kuiga wastani wao. Mara nyingi msomaji huyo anaoneshwa sentensi peke yake. Haoni aliyejibiwa, haoni jibu lililofuata, wala hajui kama hao wawili ni maadui au walisoma darasa moja. Akiletewa "nendeni mkajinyonge" bila kitu kingine, atabonyeza "chafu", nami ningekuwa kwenye kiti chake ningefanya hivyohivyo. Kwa hiyo kosa linaingia kabla mashine haijaguswa, pale maneno yanapotenganishwa na watu wake.

Sasa turudi kwenye utani wenyewe, maana ndiko jibu liliko. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu uhusiano wa utani katika jamii mbalimbali, Afrika ikiwemo. Aliueleza kuwa ni uhusiano wa watu wawili ambapo mmoja anaruhusiwa, na pengine anatakiwa kwa mila, kumdhihaki mwenzake, na yule mwenzake anatakiwa asikasirike. Uzito uko kwenye neno "anatakiwa". Mpare na Mchaga wakikutana bila kurushiana neno kuhusu ubahili na mapenzi ya pesa, kuna jambo limeharibika. Msibani ni zaidi. Mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe deni la kubuni, akamwigiza marehemu namna alivyokuwa akitembea, na waliokuwa wakilia wakacheka. Maneno yale angeyasema mtu baki angefukuzwa kwa fimbo.

Ruhusa hiyo haimo ndani ya sentensi. Ilitolewa zamani, kwa vita vya mababu vilivyokwisha, kwa ujirani, kwa ndoa, au kwa miaka minane ya kukaa ofisi moja. Tena ina mipaka ambayo kila mhusika anaijua: bibi na mjukuu wanataniana kwa maneno ya kuoana, lakini mtu hamfanyii hivyo mama mkwe wake. Maneno yaleyale yakihamishwa hatua moja kwenye ukoo yanakuwa balaa.

Wala si jambo la Waswahili peke yetu. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya InternetLab ya Brazili walilipitisha chujio la Perspective kwenye machapisho ya Twita ya wasanii wanaovaa na kuigiza kike jukwaani, wengi wao wakiwa wameshiriki shindano maarufu la televisheni la Marekani. Wasanii hao wana desturi ya kurushiana kejeli kali, na wenyewe wanaitumia kukomaza ngozi dhidi ya matusi ya kweli wanayokutana nayo barabarani. Watafiti waliweka kando yao akaunti za watu waliojulikana kwa siasa za ubaguzi wa rangi, akiwemo David Duke, aliyewahi kuongoza kundi la Ku Klux Klan. Ikaonekana kwamba wasanii kadhaa walipewa wastani wa uchafu mkubwa kuliko wabaguzi. Sababu haikuwa fumbo. Wasanii walikuwa wakiitana majina mabaya kwa mapenzi, na wabaguzi walikuwa wakiandika sentensi zilizonyooka, zenye sarufi nzuri na zisizo na tusi hata moja.

Upande huo wa pili, wa maneno safi yanayobeba sumu, sisi tunaufahamu kwa uchungu. Nchini Kenya neno "madoadoa" ni neno la nguo au la ng'ombe. Lakini kwenye mkutano wa siasa katika Bonde la Ufa, mahali penye kumbukumbu za watu kufukuzwa makwao, linaweza kusikika kama amri ya kuwaondoa majirani wa kabila jingine. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka mjini Eldoret, na mwezi Aprili Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya kuangaliwa wakati wa uchaguzi. Hapo ukitumia chujio la orodha ya maneno utamkamata fundi cherehani anayelalamikia kitambaa, na ukiliondoa neno kwenye orodha utampitisha mchochezi.

Fikra inayokuja haraka ni kwamba mashine ipewe na sentensi iliyotangulia. Mwaka 2020 John Pavlopoulos na wenzake walijaribu jambo hilo kwa komenti zilizotoka kwenye kurasa za majadiliano za Wikipedia. Kundi moja la wasomaji lilioneshwa komenti peke yake, jingine likaoneshwa pamoja na ile iliyojibiwa. Katika jaribio mojawapo, asilimia 5 hivi ya komenti zilibadilika hukumu: nyingine zilizoonekana chafu zikawa safi, na nyingine zilizoonekana safi zikawa chafu. Hiyo ni idadi ndogo, ila si ya kupuuzwa. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba mashine zilipoongezewa sentensi hiyo ya nyuma, hawakupata ushahidi kwamba zilihukumu vizuri zaidi.

Mimi nadhani mfano wetu wa ofisini unaeleza kwa nini, walau kwa upande wa utani. Hebu ipe mashine majibizano yote mawili. Itaona nini? Mtu mmoja kasema "mkajinyonge", mwingine kajibu "kelele, utopolo wewe". Sasa ina matusi mawili badala ya moja. Watani hawatangazi kwamba wanataniana, na wakitangaza utani umekufa. Muktadha wao haukuandikwa popote ambapo mashine inaweza kuusoma. Uko kwenye mechi ya 2012, kwenye chai ya kila asubuhi, na kwenye ukweli kwamba mwezi uliopita ilikuwa zamu ya huyu wa Simba kutamba.

Hata vicheko haviaminiki. Mtu huweza kudhani kwamba zile katuni za uso unaotoa machozi ya kucheka zingetosha kuwa ushahidi. Lakini mnyanyasaji naye hucheka, na "natania tu" ni ngao ya kwanza anayoinua akishikwa. Anayenyanyaswa pia hucheka, kwa kuwa hana njia nyingine mbele ya watu. Kwa hiyo chujio litakalofundishwa kupitisha kila chenye kicheko litakuwa limewapa waonevu ufunguo.

Kuna alama moja yenye nafuu kidogo: utani unakwenda na kurudi. Ukiangalia miezi sita ya mazungumzo ya wale wawili utakuta kila mmoja ameshapiga na ameshapigwa, na hakuna aliyekimbia. Kwenye uonevu mishale inatoka upande mmoja, na wanaorusha mara nyingi ni wengi dhidi ya mmoja. Hilo linahesabika bila kuelewa neno hata moja la Kiswahili. Ila gharama yake ni kampuni kuhifadhi na kuchambua miezi ya maongezi ya watu ili ijue nani ni rafiki ya nani, na sijui ni wangapi kati yetu wangekubali biashara hiyo ili tu wasifutiwe komenti ya mpira.

Njia isiyo na gharama hiyo ni kumrudishia uamuzi yule aliyeambiwa. Namba ya chujio ikivuka mstari, ujumbe usifutwe papo hapo, bali mlengwa aulizwe kimyakimya kama umemuudhi, bila mwandishi wala wasomaji wengine kujua kwamba ameulizwa. Yule wa Simba atabonyeza "hapana" na kuendelea na habari ya chapati. Aliyekuwa akicheka kwa kukosa njia atapata pa kusema. Utaratibu huo unafaa kwa mtu anayemwambia mtu. Kwa maneno ya mkutanoni kama yale ya Eldoret haufai kabisa, kwa sababu aliyelengwa ni kijiji kizima na hakuna mmoja wa kumuuliza. Hapo inabidi aketi mkaguzi anayejua ni nani anasema, anasema wapi, na uchaguzi umebakiza siku ngapi.