Barua ya Kufunga Hesabu ya Benki

Wanachama waliohudhuria mkutano wa Februari 2024 watakumbuka kuwa tulikubaliana kuifunga hesabu yetu ya zamani na kuhamia benki nyingine iliyo karibu na ghala. Tulidhani barua moja yatosha. Kwa kuwa baadhi yenu mwatuuliza namna ya kufunga hesabu zenu wenyewe, twaona yafaa tuwaeleze yaliyotupata.

Barua yetu ya kwanza, ya tarehe 20 Februari, ilikuwa na mstari mmoja tu: tafadhalini tufungieni hesabu yetu. (Karani alipiga simu kuuliza kama twataka kufunga au kufungua, maana mwandiko wetu si wa kusifiwa.) Siku hiyo mlikuwamo shilingi 1,846,500. Tulikuwa tumekwisha kumwandikia fundi aliyeezeka ghala hundi ya shilingi 240,000, naye alikuwa bado hajaipeleka. Basi tukahamisha 1,606,500 na kuziacha zile 240,000 zimngojee.

Tulichosahau ni agizo la kudumu, yaani ile amri tuliyoipa benki tangu zamani kwamba kila tarehe 5 ya mwezi imlipe mwenye ghala kodi ya shilingi 150,000 bila ya kungoja hundi yetu. Hesabu nayo ilikuwa haijafungwa, kwa sababu barua ilikuwa na sahihi moja badala ya mbili, wala haikusema fedha zitakazobaki ziende wapi. Tarehe 5 Machi ikafika, na kodi ikatoka. Benki mpya nayo ilikwisha kupewa agizo kama hilo, basi mwenye ghala akalipwa mara mbili siku moja. Katika hesabu ya zamani zikabaki 90,000.

Tarehe 11 fundi akapeleka hundi yake, ikarudishwa. Alikuja ofisini nayo mkononi, watu wamejaa, na sisi hatukuwa na la kusema. Tulimlipa siku ile ile kutoka benki mpya, na mwenye ghala, Mungu amjaze kheri, alirudisha kodi iliyozidi. Lakini hundi ya chama kurudi ni aibu.

Kwa kweli kosa lilikuwa letu. Maadamu hesabu i hai, agizo la kudumu hufuata tarehe yake, na benki haina ruhusa ya kukisia kuwa hatulitaki tena. Kwa hiyo barua ya pili, ya tarehe 14 Machi, tuliiandika hivi:

“Kwa Bwana Meneja. Baada ya salamu, sisi tuliotia sahihi hapa chini, ambao ndio wenye idhini juu ya hesabu yenye nambari iliyo juu, twaomba mambo manne. Kwanza, msimamishe leo maagizo yote ya kudumu katika hesabu hii, likiwamo la kodi ya ghala, shilingi 150,000, kila tarehe 5. Nanyi mtuthibitishie kwa barua kuwa yamesimama, mkilitaja kila moja. Pili, mkate gharama zenu zote hadi siku ya kufunga. Tatu, fedha zitakazobaki mzipeleke katika hesabu yetu mpya, ambayo nambari yake tumeiandika hapa chini, kisha muifunge hii. Nne, mtuletee taarifa ya mwisho ya hesabu, kuanzia tarehe 1 Februari hadi siku ya kufungwa. Hundi zisizotumika twazirudisha pamoja na barua hii, zimekatwa pembe.”

Tuliambatisha nakala ya uamuzi wa mkutano, kwa kuwa hesabu ni ya chama. Mwenye hesabu yake binafsi hahitaji hiyo. Barua tuliipeleka kwa mkono, na nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwenye ghala tulimwarifu wenyewe, asije akadhani kuwa tumekatiza kodi.

Majibu yalikuja baada ya siku nane. Taarifa ya mwisho tuliisoma mstari kwa mstari: baki 90,000, gharama ya hundi iliyorudi 30,000, ada ya mwezi 6,000, zilizohamishwa 54,000, baki sifuri. Hiyo sifuri ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa imebaki hata shilingi elfu mbili, huenda hesabu bado i wazi na ada zinaendelea kuila, mpaka siku moja mdaiwe ninyi. Pia linganisheni zilizohamishwa na zilizoingia huku. Zetu ziliingia 54,000 kamili.

Lakini barua iliyokuja pamoja na taarifa ilisema tu kuwa hesabu imefungwa. Juu ya maagizo ya kudumu haikutaja neno. Tukarudi kuomba mstari huo, na karani akauandika tukiwa tumesimama pale dirishani. Tarehe 5 Aprili mwenye ghala alipokea kodi moja.